Pasi ya kifua na kisomo cha mwili

"Shikamoo mkufunzi. Nafundisha Sanaa na Michezo darasa la tano huku Mufindi. Nina wanafunzi 60, mipira ya netiboli miwili, na uwanja wenye mteremko. Kwenye mafunzo kazini tuliambiwa malengo ya kipindi yasiishie kwenye stadi ya mchezo, yalenge 'fizikali literasi'. Mwezeshaji aliondoka, mimi nikabaki na andalio lilelile: 'Mwanafunzi aweze kupiga pasi ya kifua.' Hicho kitu ni nini hasa, na lengo langu linabadilikaje?"

Marahaba, mwalimu. Jina hilo ni gumu mdomoni, na kila mkufunzi analitafsiri kivyake. Mimi naliita kisomo cha mwili, na nina sababu. Wazee wetu wanakikumbuka kisomo chenye manufaa cha miaka ya 1970, baada ya Mwalimu Nyerere kuutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Hayo maneno "chenye manufaa" hayakuwekwa kwa urembo. Haikutosha mtu atamke silabi za ubaoni. Alitakiwa asome maelekezo ya mbolea, aandike barua kwa mwanawe, ajue mizani ya mnunuzi wa mazao inasema nini.

Sasa chukua pasi yako ya kifua. Hiyo ni silabi. Mtoto anaweza kuitamka vizuri kabisa mbele yako, viwiko vimekaa sawa, vidole nyuma ya mpira, halafu akaingia mchezoni asijue ampe nani, lini, wala kwa nini mpira wake unafika miguuni kwa mwenzake. Au akaijua hata mchezoni, lakini tangu amalize darasa la saba asiguse tena mpira wala kukimbia mpaka uzeeni.

Wazo lenyewe lilipata sura mwaka 1993, Mwingereza Margaret Whitehead alipoliwasilisha kwenye mkutano mjini Melbourne, Australia. Alikuwa mwalimu wa elimu ya mwili aliyezama kwenye falsafa, na kilichomkera ni kwamba masomo ya michezo yalikuwa yanawaelekea wachache wenye vipaji na kuwaacha wengine. Kwa wanafalsafa aliokota jambo moja: mtu hana mwili kama anavyokuwa na baiskeli, kwamba akili iko juu inaendesha na chuma kiko chini kinatii. Mtu anaufahamu ulimwengu kwa kuutembea, kuushika na kuukwepa. Kwa hiyo maana ya kisomo cha mwili, kama inavyotolewa siku hizi na chama cha kimataifa kinachosimamia wazo hili, inashika mambo manne kwa pamoja: ari, kujiamini, uwezo wa mwili, na maarifa na uelewa, vinavyomfanya mtu athamini shughuli za mwili na kuwajibika kuzifanya maisha yake yote. Stadi ya mchezo imo, ndani ya hilo la uwezo wa mwili. Haikufukuzwa. Imepewa wenzake watatu tu.

Whitehead alitumia pia neno "kusoma" kwa maana halisi: kuyasoma mazingira, kubashiri mwili utatakiwa ufanye nini, kisha kujibu kwa akili. Hapo sisi wa nyanda za juu hatuhitaji mfano wa Ulaya. Mtoto anayeshuka na ndoo ya maji kichwani kwenye njia ya udongo mwekundu baada ya mvua anasoma kila hatua: pale panateleza, hapa pana mzizi, huku nipite kwa ubavu. Hakuna aliyemfundisha kwa hatua namba moja, mbili, tatu. Mwili wake umesoma.

Nikueleze niliyoyaona wilayani Rungwe, nilipokwenda kumkagua mwanachuo wa mazoezi ya kufundisha. Kipindi kilikuwa cha netiboli, darasa la sita. Binti mmoja alisimama mwisho wa mstari, na kila zamu yake ilipokaribia aliwapisha wenzake wawili wamtangulie. Alipolazimika kurusha alisukuma mpira kwa viganja, ukaanguka katikati. Mwanachuo akaandika kwenye daftari: hajaweza. Saa ya mapumziko nikamwona binti huyo huyo akicheza rede nyuma ya madarasa. Yuko katikati, warushaji wawili wanamwinda kwa mpira wa soksi huku na huku, naye anajaza chupa mchanga huku anakwepa. Alipotoka katikati akawa mrushaji, na alirusha kwa mkono mmoja, mguu mbele, bega limezunguka, mpira ukapiga alipotaka. Mwanachuo nilimwita aje aone. Alisema, "Lakini mkufunzi, hiyo siyo pasi ya kifua." Kweli siyo. Ila lengo lake la kipindi ndilo lililomfanya asiweze kumwona mtoto aliyekuwa na uwezo, akaona pengo tu.

Turudi Mufindi kwako. Kabla hatujagusa maneno ya lengo, tupige hesabu. Wanafunzi 60, mipira miwili, mistari miwili ya watoto 30. Tuseme zoezi linachukua dakika 25, na kila pasi, pamoja na kuukimbilia mpira ulioteremka bondeni, inakula sekunde 6. Hiyo ni pasi 10 kwa dakika kwa mpira mmoja, yaani 250 kwa dakika zote 25. Gawa kwa watoto 30: kila mmoja amerusha mara 8. Muda uliobaki amesimama kwenye baridi, mikono kwapani. Lengo lolote utakaloandika juu ya mpango huo, liwe la zamani au la kisasa, halitatimia.

Kwa hiyo tengenezeni mipira 20, mmoja kwa watoto watatu. Mipira ya nailoni imeadimika tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Juni 2019, lakini matambara yaliyofungwa kwa kamba za salfeti iliyofumuliwa yanatosha. Uwe mkubwa kiasi cha kujaza mikono miwili, na usiwe mzito wa kuumiza vidole vyenye baridi. Wakiwa watatu kwa mpira, pasi moja kila sekunde 4, kila mtoto anarusha mara 5 kwa dakika. Dakika 15 zinampa mara 75. Mpira wa matambara haudundi, na hilo ni pungufu la kweli: pasi ya kudundisha itabidi ifundishwe kwa ile mipira miwili, kwa zamu.

Sasa lengo. Ulilo nalo linasema mtoto afanye nini, tena tendo moja, kwa umbo moja. Halisemi katika hali gani, na halimwachii mtoto uamuzi wowote. Mimi ningeliandika hivi:

"Mwanafunzi achague pasi na umbali unaomfaa yeye na mpokeaji, mpira umfikie mwenzake ndani ya sekunde 3 akiwa na mlinzi mbele yake, kisha aeleze kwa nini amechagua hivyo."

Utaona sikuandika popote "mwanafunzi ajiamini" wala "apende michezo". Huo ndio mtego ambao walimu wengi wanauingia baada ya mafunzo kazini. Wanachora safu nne kwenye andalio: uwezo, ari, kujiamini, maarifa, kila safu na lengo lake. Karatasi inapendeza na kipindi hakibadiliki hata kidogo, kwa sababu huwezi kumwona mtoto akijiamini hewani. Unaona anachochagua ukimpa nafasi ya kuchagua. Kwa hiyo kujiamini kumo kwenye neno "achague", maarifa yamo kwenye "aeleze", na uwezo wa mwili umo kwenye "umfikie". Ari nayo utaiona baadaye, nje ya kipindi.

Sekunde 3 sikuzibuni. Ni kanuni ya netiboli yenyewe: mwenye mpira ana sekunde 3 kuutoa, haruhusiwi kutembea nao, na mlinzi anatakiwa akae angalau sentimita 90 kutoka mguuni kwake. Ukiutazama mchezo kwa jicho hilo unaona pasi ni uamuzi kwanza, ndipo iwe umbo la mikono. Tumeifundisha miaka yote kama umbo la mikono.

Kipindi chenyewe cha dakika 40 kinaweza kwenda namna hii. Dakika 5 za mwanzo waache wapashe mwili kwa rede, watoto sita sita, warushaji wawili na wanne katikati. Mipira ni laini, na piga marufuku kulenga kichwa. Tayari wamerusha, wamekwepa, wamechangamka, na yule anayejua rede ameanza kipindi akiwa mjuzi badala ya kuanza akiwa mjinga.

Kisha dakika 15 za watatu watatu. Mrushaji ana alama yake ya kusimama. Mbele yake chora mistari mitatu kwa jembe au kwa majivu: hatua 3, hatua 5, hatua 8. Yeye ndiye anayemwambia mpokeaji asimame mstari gani. Wa tatu anahesabu pasi zilizodakwa bila kuanguka, tano kwa zamu, halafu wanabadilishana. Hapa ndipo unapofundisha stadi, na ufundishe kwelikweli. Kwa pasi ya mikono miwili, hatua iende mbele na mikono inyooke kuelekea kifua cha mpokeaji. Kwa mkono mmoja, mguu wa mbele uwe wa upande wa pili wa mkono unaorusha, kama vile binti wa Rungwe alivyofanya bila kuambiwa. Mpokeaji avute mikono pamoja na mpira unapofika, kama mafundi wanaporushiana tofali: anayekaza mikono anaumia na tofali linamponyoka. Mfano huo watoto wanauelewa mara moja, maana wameuona kila darasa jipya linapojengwa.

Na ule mteremko wako usiulalamikie, utumie. Mistari ya kwanza ichore kukata mteremko, ili mipira isikimbie bondeni. Wakishazoea, wageuze: mmoja juu, mmoja chini. Nguvu ileile iliyotosha sasa inaangusha mpira magotini kwa aliye juu, na inampita kichwani aliye chini. Usiwaeleze. Waulize, "Umebadilisha nini?" Mtoto atakayekujibu kwamba ameurusha kwa tao la juu zaidi, au amemwambia mwenzake asogee hatua moja, ameshasoma uwanja. Shule yenye uwanja tambarare haina somo hilo.

Dakika 12 zinazofuata, mmoja kati ya watatu awe mlinzi, umbali wa hatua moja. Wawili wanapasiana, mlinzi anazuia, kila baada ya pasi kadhaa wanazungusha nafasi. Mwenye mpira ahesabiwe kwa sauti: moja, mbili, tatu. Sasa pasi ya kifua moja kwa moja inagonga mikono ya mlinzi, na mtoto mwenyewe anagundua kwamba kuna pasi ya juu ya kichwa, kuna ya ubavuni, kuna kumdanganya mlinzi kwa macho. Mwisho, dakika 5, kila mmoja amweleze jirani yake pasi moja aliyoitumia na kwa nini. Dakika 3 zilizobaki ni za kukusanya mipira. Usipoziweka kwenye mpango, zitakula za maelezo.

Wewe utazame nini? Watoto 60 huwezi kuwatazama wote, na ukijaribu hutaona hata mmoja. Chagua majina sita kwa kila kipindi na uyaandike kabla hujatoka ofisini. Vipindi kumi, umewaona wote. Kwa hao sita tazama ile mistari mitatu, kwa sababu uchaguzi wa umbali unasema mengi.

Kuna anayekaa mstari wa hatua 3 huku akidakisha tano kwa tano, zamu baada ya zamu. Stadi anayo. Kilichokosekana ni kuthubutu, na ukimwongezea mazoezi ya stadi umetibu jino lisilouma. Huyu msogelee, umwambie ajaribu pasi mbili tu za hatua 5 na matokeo yasihesabiwe. Kuna wa pili, mara nyingi mvulana, anayekimbilia hatua 8 na kukosa zote tano akicheka. Wengi tungesema huyo anajiamini. Mimi naona hajui kujipima, au anajua ila anaogopa kuonekana karibu. Muulize kabla ya zamu: "Utadakisha ngapi?" Aseme namba. Baada ya zamu mbili tatu namba yake na matokeo vitaanza kukaribiana, na atasogea mwenyewe. Wa tatu ni yule anayekosa kwenye hatua 8, anarudi hatua 5, anatulia, kisha anajaribu tena 8. Huyo ndiye lengo lako limetimia kwake, hata kama mwisho wa kipindi amedakisha chache kuliko wa kwanza. Kwenye andalio la zamani angepata alama ndogo.

Hapo tunagusa mjadala ambao bado unaendelea kati ya wataalamu. Whitehead alisisitiza kwamba safari ya kila mtu ilinganishwe na alikotoka yeye mwenyewe, isiwe na mwenzake. Wakanada nao wametengeneza vipimo kamili kwa watoto wa miaka 8 hadi 12, vyenye njia ya vikwazo, hesabu ya hatua za kila siku na maswali ya ari na maarifa, halafu alama zinajumlishwa. Vipimo hivyo vina kazi yake kwa watafiti. Kwa mwalimu wa darasa nimesimama upande wa Whitehead, kwa sababu moja tu ya kiutendaji: ukimpa mtoto namba, atafanya kinacholeta namba, na anayejua atakosa hatasogea mstari wa mbali tena. Andika maneno. "Amehama 3 kwenda 5 bila kuambiwa." Inatosha.

Nikuonye juu ya kosa la upande wa pili pia, maana nimeliona zaidi ya mara moja. Mwalimu anasikia "tusiishie kwenye stadi", anatafsiri kuwa stadi haina maana, anawapa watoto mpira na kukaa kivulini. Watoto wanafurahi, anaandika kwamba ari ipo. Dalili ya kuharibika kwake ni hii: wiki ya tatu walewale watano ndio wenye mpira, na wengine wamejipanga pembeni wanapiga soga. Asiyejua kurusha hana cha kuchagua, na uchaguzi wote ninaousema umesimama juu ya mkono unaoweza. Ukiona kundi zima linashindwa hatua 3, simamisha, fundisha mguu na mkono, kisha endelea.

Faida nyingine ya lengo jipya utaiona kwa mtoto mwenye ulemavu. Lengo la "pasi ya kifua kwa mikono miwili" linamtoa nje mwenye mkono mmoja kabla kipindi hakijaanza. Anakuwa mtunza koti. Lengo la "achague pasi, mpira umfikie mwenzake" linamhusu kama lilivyo, wala huhitaji kumwandikia lake.

Namna hiyohiyo ya kuandika inahamia kwenye riadha. Badala ya "mwanafunzi aweze kukimbia mizunguko miwili ya uwanja", andika "mwanafunzi akimbie mizunguko miwili, wa pili uchukue muda ule ule wa kwanza." Wewe una simu mkononi, unawasomea sekunde wanapopita. Mara ya kwanza karibu wote watachomoka kama wanafukuzwa na nyuki, na mzunguko wa pili watauburuta. Baada ya wiki chache wanaanza kuijua pumzi yao. Ujuzi huo utamfaa hata yule ambaye hatashinda mbio yoyote, siku anapopanda mlima na mzigo.

Kuhusu mwalimu mkuu anayetaka kombe la UMITASHUMTA, yale mashindano ya shule za msingi, usigombane naye. Timu ifanye mazoezi baada ya masomo, na huko pasi ya kifua ipigwe mara mia hadi iwe kama kupumua, ni sawa kabisa. Kipindi cha ratiba ni cha watoto 60, wakiwemo 50 ambao hawatapanda gari la kwenda mashindanoni.

Na mthibiti ubora akifika akauliza umahiri uko wapi kwenye hilo lengo refu, usianze na Melbourne. Mpeleke kwenye mistari yako mitatu, umwonyeshe yale majina sita ya siku hiyo, umwambie achague mtoto mmoja na amuulize mwenyewe kwa nini amesimamisha mwenzake kwenye hatua 5.